Kushukuru ni kuomba tena?

Jioni moja hapa kwetu Kindu mtoto wa jirani aliingia uwanjani na sahani mbili, moja imefunika nyingine. Ndani mlikuwa wali, sombe na kipande cha samaki. Alisema tu: "Dada anasema mule." Katika nyumba yetu alikuwamo kijana mmoja wa ukoo, ambaye kwa majuma mengi alikuwa anapita mbele ya nyumba ya dada huyo mara nyingi kuliko njia ilivyohitaji. Alikula, akanawa mikono, kisha akamwambia mtoto: "Mwambie dada aksanti mingi. Sombe yake iko na kosa moja tu: imekwisha."

Mtoto akakimbia na ujumbe wake, na sisi tukacheka. Lakini shangazi, aliyekuwa ameketi karibu na mbabula, hakucheka sana. Akauliza: "Huyu ameshukuru, ao ameomba?"

Swali lile halikunitoka. Wazee wetu husema kwamba kushukuru ni kuomba tena, na kwa kawaida tunaelewa kwamba mwenye shukrani atapewa mara nyingine. Hilo halina shida. Shida huanza pale anayeshukuru anampenda aliyempa, wala hajamwambia. Anashukuru kwa ajili ya sombe, na ndani ya shukrani ile ile anatia neno dogo ambalo si la sombe. Je, asante ya namna hiyo ni ya kweli? Na aliyepika, ambaye pengine alipika kwa ujirani tu, ametendewa haki?

Tuanze na neno lenyewe. Asante, ambalo sisi wa Maniema hulitamka aksanti, asili yake ni Kiarabu: ahsanta, maana yake "umefanya vema". Lilitufikia pamoja na lugha ya misafara katika karne ya 19, wakati Nyangwe na Kasongo zilipokuwa miji ya biashara. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kukaa pale. Watu hao hao ndio walioleta kilimo cha mpunga, ambao leo hatuwezi kuitaja Maniema bila kuutaja. Basi sahani ya wali na neno la kuishukuru vilitufikia kwa njia moja.

Maana ile ya kwanza inatufundisha kitu. Anayesema asante hasemi "nimefurahi", wala "nimeshiba". Anamsemea mwingine: wewe umefanya vema. Asante inatazama kazi ya mtu. Kwa hiyo mtu asiyeiona kazi hawezi kuishukuru vizuri, hata akiwa na maneno matamu namna gani.

Na kazi ya sombe si ndogo. Majani machanga ya muhogo yanachumwa, yanatwangwa ndani ya kinu mpaka yalainike, halafu yanachemshwa muda mrefu, saa mbili au hata tatu, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu ambayo kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoiondoa. Ndipo mawese yanaingia, na kitunguu, na chumvi, na samaki au karanga kama zipo. Muda huo wote makala yanakwisha na mikono inachoka. Mwenye kula kwa dakika kumi anakula nusu siku ya mtu. Ndiyo maana mpishi anasikia tofauti kati ya kijana anayesema "chakula kilikuwa kizuri" na yule anayesema "sombe hii ilitwangwa na mtu mwenye subira". Wa pili ameona kinu.

Kushukuru kwetu kuna hatua zake. Ya kwanza ni pale pale, baada ya kunawa, kwa neno fupi. Ya pili ni sahani. Kwa adabu ya Waswahili, tangu pwani mpaka huku, sahani ya jirani si vizuri irudi tupu. Hutiwa ndizi mbili, karanga kidogo, au sabuni, na asiye na kitu huiosha vizuri sana na kuirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Ya tatu ni asante ya kesho yake. Mkikutana njiani asubuhi, baada ya salamu unasema: "Aksanti ya jana." Asante hii ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa njaa imekwisha na mtu angeweza kusahau.

Mzaha wa mapenzi hupenda kuingia katika hatua ya pili na ya tatu. Ya kwanza ni ya tumbo, na watu wengi wanasikiliza. Lakini anayerudisha sahani kwa mkono wake amepata sababu ya kusimama mlangoni, na anayesema "aksanti ya jana" amepata sababu ya kusimama njiani. Hakuna anayeweza kumwuliza anatafuta nini. Anarudisha sahani.

Sasa tutazame neno la yule kijana: "Sombe yake iko na kosa moja tu: imekwisha." Lina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa sifa: chakula kilikuwa kizuri mno. Mlango wa pili ni wa moyo: ningependa kisikwishe, na pengine si chakula tu. Dada yule anaweza kuingia kwa mlango anaotaka. Akipenda atajibu: "Kosa si la sombe, ni la sahani, ilikuwa ndogo." Hapo naye ametia mzaha wake, na wote wawili wanajua kwamba mazungumzo yameanza. Asipopenda atajibu: "Nitamwambia mama, yeye ndiye alitwanga." Jibu hili ni la heshima kabisa. Limeipokea asante, limeipeleka kwa mama, na mlango wa pili umefungwa bila kelele. Kijana hajaaibishwa, dada hajamtukana mtu, na kesho watasalimiana kama kawaida.

Hapo ndipo naona uzuri wa desturi hii. Watu wa nchi yetu hawapendi sana kusema jambo zito uso kwa uso. Walega wa upande wa Pangi wana kamba iitwayo mutanga, ambayo juu yake hutundikwa vitu vidogo vidogo, na kila kitu kinabeba methali yake. Neno linapitia kwenye kitu, na anayesikia anapewa nafasi ya kulitafakari kabla ya kujibu. Sahani inayorudi na ndizi mbili na neno la kuchekesha inafanya kazi inayofanana na hiyo katika mambo madogo ya kila siku. Ni njia ya kumwuliza mtu swali ambalo ana ruhusa ya kutolisikia.

Ruhusa hiyo ndiyo kipimo changu. Mzaha ndani ya shukrani ni halali ikiwa ukiuondoa, shukrani inabaki nzima; na ikiwa mwenye kuambiwa anaweza kuuacha uanguke chini bila kupoteza kitu. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, basi hiyo si asante tena.

Nitaeleza kwa mfano, nikiendelea na kijana wetu, kwa sababu mambo hayakuishia jioni ile. Dada alijibu neno la sahani ndogo. Kijana akafurahi. Juma lililofuata sahani ilikuja tena, na safari hii alirudisha mwenyewe, na karanga ndani, akasema: "Nimekuja kuona kinu chenye kufanya watu wasahau njia ya kwao." Dada alicheka, na mama yake pia alicheka, kwa kuwa neno lilisemwa mbele yake. Mpaka hapo hapakuwa na kosa. Alisifu kazi, alisema wazi mbele ya mzazi, na hakudai jibu.

Kosa alilifanya mahali pengine. Jumapili moja alikuwa na wenzake wanatengeneza kinga chini ya mwembe, dada akapita na bido ya maji. Mmoja akamchokoza kijana wetu, naye, kwa kutaka kuonekana mwanaume, akasema kwa sauti: "Huyu amekwisha kunipikia mara mbili. Munangoja nini, ni wa kwangu." Watu wakacheka. Dada akaendelea na njia yake.

Maneno yale hayakuwa mabaya kuliko ya kwanza kwa kuyasikia tu. Pengine hata yalikuwa na mapenzi zaidi. Lakini angalieni yalifanya nini. Chakula kilikuwa kimetolewa kwa ujirani na pengine kwa kupendezwa kidogo. Yeye alikigeuza kuwa ahadi. Dada asingeweza kujibu kwa mzaha, kwa sababu mzaha wowote mbele ya wanaume wale ungekuwa ni kukubali, na kukataa kungekuwa ni kumwaibisha kijana na yeye mwenyewe. Milango yote miwili ilifungwa. Na shukrani haikuwamo tena hata kidogo: ukiuondoa mzaha katika maneno yale hakuna kinachobaki.

Hakuja mtu kumwambia kijana kwamba amekosa. Kwetu haisemwi hivyo. Alama zake ni hizi, na asiyezijua atakaa miezi akijidanganya. Kwanza, sahani haikuja tena Jumapili, na ilipokuja siku ya sikukuu ililetwa kwa jina la mama: "Mama anawasalimia." Pili, alipokutana na dada njiani na kusema aksanti ya jana, alijibiwa: "Karibu, yaya." Msomaji wa mbali anaweza kufikiri hilo ni neno la upole. Ni la upole kweli. Lakini yaya ni ndugu mkubwa, na ndugu mkubwa haoi mdogo wake. Kwa neno moja la ukoo dada alimpa heshima na wakati huo huo akamweka mahali ambapo mzaha wa namna ile hauwezi kukaa. Tatu, alipojaribu mzaha mwingine, dada hakukasirika wala hakucheka. Aliuliza habari za shangazi.

Shangazi ndiye aliyemfasiria. Alimwambia: "Ulimlipa kwa kumuuza." Ni neno kali, nami sijui kama ni la haki kabisa kwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Lakini lilimfanya aende kwa mama wa dada, peke yake, bila sahani na bila mzaha, akasema: "Mama, nilikula chakula chenu na nikasema vibaya juu yake. Munisamehe." Wale waliomtaka aendelee na utani walimcheka. Mimi naona kwamba siku ile ndiyo alishukuru kweli, maana alikiangalia tena kile alichopewa kama kilivyokuwa. Kama dada alimrudia moyoni ama la, si habari ya kijitabu hiki.

Kuna ndugu watakaosema: basi afadhali kuacha mizaha hii yote. Anayependa aseme anapenda, na anayeshukuru ashukuru, kila jambo na siku yake. Nawaelewa, hasa wale wanaofundisha vijana kanisani na msikitini. Mtu mkweli hafichi neno ndani ya neno. Lakini nafikiri wanasahau uzito wa neno la wazi. Kijana akimwambia dada "ninakupenda", amemlazimisha kujibu siku ile ile, ndiyo ao hapana, na familia mbili zitasikia. Mzaha mdogo juu ya chumvi ya sombe hauwadanganyi watu wawili ambao wote wanajua mchezo. Uongo ni pale mmoja anapoamini kitu kisichokuwapo. Hapa, kwa kawaida, mpishi anaelewa vizuri kuliko anayesema.

Tena tunalelewa na mizaha hiyo tangu utoto. Babu humwita mjukuu wake wa kike "bibi yangu" na kumwomba ugali kama mume. Shemeki hutaniana juu ya chakula na ndoa, na hakuna anayekasirika. Katika utani huo mipaka imekwisha kuwekwa na ukoo: kila mtu anajua kwamba babu haoi. Kijana anayetania dada wa jirani anaazima lugha ile ile, lakini anaipeleka mahali ambapo mipaka haijawekwa na mtu. Kwa hiyo yeye mwenyewe lazima aiweke.

Na wanawake nao? Tusijifanye kwamba ni wanaume tu wenye moyo. Dada mmoja amebebewa bido ya maji tangu mtoni, ama ametengenezewa redio, ama amenakiliwa masomo alipokuwa mgonjwa, na aliyemsaidia anampendeza. Naye ana maneno yake: "Aksanti. Sasa redio imepona, mimi nitasema nini ili urudi?" Ni neno zuri, na lina milango yake miwili. Lakini mizani si sawa. Kijana akitia mzaha na akakataliwa, watu wanacheka siku mbili. Dada akitia mzaha, kuna wanaume watakaouhesabu kuwa ni ahadi, na akisema hapana watasema amewadanganya. Ndiyo maana wengi wao hupitisha neno kwa mdogo wao, au huweka mzaha katika chakula chenyewe: kipande cha samaki kikubwa kuliko cha wengine, kimefichwa chini ya wali. Kipande hicho kikikutwa, mwenye kula atajua. Na akiulizwa mbele ya watu, dada atasema ni bahati ya kijiko. Huo si woga. Ni busara ya mtu ambaye mzaha wake unaweza kumgharimu zaidi.

Hilo linatuleta kwenye upande mgumu wa jambo hili. Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 juu ya zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa namna tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Sisi hatukuhitaji kitabu ili kulijua hilo, sahani inatufundisha. Lakini wajibu wa kurudisha unaweza kutumiwa vibaya. Miaka ya vita, 1998 mpaka 2003, mji ulipokosa treni na chumvi ikawa kama dawa, kusaidiwa chakula kulikuwa ni kuokolewa. Wakati kama huo mwenye chakula akisema kwa kucheka, "Utanishukuru namna gani?", hakuna mzaha pale. Anayeulizwa ana watoto wenye njaa. Hawezi kuliacha neno lianguke.

Ni vile vile leo mwalimu akimsaidia mwanafunzi kwa pointi, au mkubwa wa biro akimtafutia mtu kazi, kisha akangoja asante yenye ladha nyingine. Wengine husema: "Ni utani tu, hata yeye alicheka." Kucheka si ushahidi. Mtu aliye chini ya mkono wako anacheka kwa sababu hana jibu lingine. Kipimo ni kile kile: je, angeweza kusema "nitamwambia mama" na kwenda zake bila kupoteza pointi, kazi, au chakula cha kesho? Kama hawezi, mwenye nguvu anyamaze, hata kama moyo wake ni safi. Mapenzi yake yangoje mpaka siku ambapo yule mwingine hamhitaji kwa lolote.

Narudi kwa swali la shangazi: ameshukuru, ao ameomba? Nilipolileta kwake tena baada ya mambo yote haya, nilimwambia naona kijana alifanya yote mawili jioni ya kwanza, na hapakuwa na ubaya, kwa sababu aliomba kitu ambacho dada aliweza kumnyima bila kupungukiwa. Kuomba kwa namna hiyo ni kumheshimu mwenye kupewa ombi. Chini ya mwembe hakuomba wala hakushukuru, alichukua.

Shangazi alikubali nusu. Alisema nimesahau jambo moja: kwamba siku zote hizo, kwa kinu chote na makala yote, hakuna aliyemwuliza dada kama yeye mwenyewe amekula. Asubuhi iliyofuata alimtuma mtoto na sahani kwa jirani, imefunikwa. Sikuona kilichokuwamo, lakini ilikuwa nzito.